Mistari minne kwenye kadi ya kliniki: uchambuzi wa kisa cha presha ya mimba

Alifika kituoni kwetu saa tatu usiku, mwezi wa pili, kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mama mkwe wake. Ana miaka 20, mimba ya kwanza, wiki ya 33 na siku 4. Wanatoka kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi, na mvua ilikuwa imepiga tangu mchana. Mimi ni mkunga, na usiku ule nilikuwa zamu na nesi mwenzangu mmoja. Mambo machache ya kumtambulisha mgonjwa nimeyabadilisha. Vipimo ni vilevile.

Mkwe ndiye aliyeanza kusema. "Mwanangu, huyu anaumwa vidonda vya tumbo. Tumempa magnesiamu za kutafuna, hazijasaidia." Nikamuuliza binti mwenyewe kinauma wapi. Akaweka kiganja chini ya chembe cha moyo, kidogo upande wa kulia, akasema tangu jana. Kichwa kinauma siku ya pili, panado haigusi. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: akitazama taa anaona kama nzi wadogo wanarukaruka.

Mtu akiniambia hayo matatu kwa pamoja na ana mimba ya zaidi ya wiki 20, sihitaji kusikia la nne. Nilimkalisha kwenye kiti chenye egemeo, mkono mezani usawa wa moyo, nikapima: 168/114. Nikarudia baada ya dakika 15 huku mwenzangu akifungua trei ya dawa: 166/112. Kijiti cha mkojo kiligeuka kijani kibichi cha kukolea, alama tatu za protini. Nilipogonga chini ya goti kwa ukingo wa mkono, mguu uliruka kama umekanyaga kaa la moto.

Huo ndio ugonjwa ambao mtaani tunauita kifafa cha mimba hata kabla degedege haijatokea, na wataalamu huuita pre-eklampsia. Kwa huyu ulikuwa umeshafika hatua kali, kwa sababu presha ilivuka 160/110 na kichwa, macho na ini vilishaanza kulalamika. Lakini kilichonifanya niandike kisa hiki si usiku ule. Ni kadi ya kliniki aliyokuwa nayo mkwe kwenye mfuko wa rambo, imelowa pembeni.

Kadi ilikuwa na mahudhurio manne. Wiki ya 14: presha 104/62, uzito kilo 51, mkojo hauna protini. Wiki ya 22: 108/66, kilo 53 na nusu, mkojo safi. Wiki ya 28: 124/80, kilo 57, kimo cha mimba sentimita 27, na kwenye nafasi ya mkojo kuna kistari tu. Wiki ya 32: 136/88, kilo 62, kimo sentimita 29, mkojo kistari tena, na pembeni imeandikwa "miguu imevimba, apunguze chumvi, arudi baada ya wiki 4."

Msomaji wa haraka ataona kadi ya mama mzima. Hakuna mstari hata mmoja uliofika 140/90, ambao ndio mpaka wa kuita presha ya mimba. Kila aliyempima aliangalia mstari wake, akaona uko chini ya mpaka, akageuza ukurasa. Ila ukiisoma kadi kutoka juu kwenda chini, namba ya chini imepanda kutoka 62 hadi 88. Mwanamke ambaye presha yake ya kawaida ni 104/62 akifika 136/88, ameshatembea njia ndefu. Zamani kupanda kwa namna hiyo pekee kulitosha kumpa mtu jina la ugonjwa. Siku hizi hakutoshi, na ni sawa, maana wengi wanaopanda hivyo hawaugui. Lakini kunatosha kumwambia arudi wiki ijayo badala ya mwezi ujao, na kunatosha kabisa kutomwacha aondoke bila kupima mkojo.

Kuna mengine mawili kwenye mstari wa mwisho. Kilo 5 ndani ya wiki 4. Mama kwa kawaida huongeza kama nusu kilo kwa wiki kipindi hicho, kwa hiyo ziada ile ilikuwa maji. Nyumbani walifurahi, wakasema sasa anakula vizuri, na miguu iliyovimba mkwe aliitafsiri kuwa ni mtoto wa kiume. Tena uvimbe wenyewe si ushahidi mzuri, kwa sababu wajawazito wengi huvimba miguu wakiwa salama. Mimi hushtushwa zaidi na uzito unaoruka, au na uvimbe wa uso na wa vidole hadi pete inakataa kutoka. La pili ni kimo cha mimba. Wiki ya 32 kilitarajiwa kuwa karibu sentimita 32. Sentimita 29 maana yake ni mtoto mdogo kuliko umri wake, au maji machache, au vyote viwili. Mama anaongezeka kilo 5 wakati mtoto anadumaa: hilo peke yake lilikuwa swali, na hakuna aliyeliuliza.

Mtoto alidumaa kabla presha ya mama haijapanda sana, na sababu yake ndiyo kiini cha ugonjwa huu. Hauanzi wiki ya 32. Huanza kondo la nyuma linapojishikiza kwenye mfuko wa uzazi, miezi ile ambayo mama hana dalili yoyote zaidi ya kichefuchefu.

Watu wa Bahi wanalima mpunga, kwa hiyo nitatumia majaruba. Ukuta wa mfuko wa uzazi una mishipa midogo iliyojipinda kama skrubu, inayoleta damu kwenye kondo. Kabla ya mimba ni miembamba na ina misuli, inabana na kulegea. Mimba ikikaa, chembe za kondo huingia ndani ya mishipa hiyo, huondoa ile misuli na kuipanua, mpaka kila mmoja unakuwa mfereji mpana usioweza kubana tena. Kazi hiyo huwa imekamilika kwa sehemu kubwa kufikia kama wiki ya 20. Damu inaingia kwenye kondo taratibu na kwa wingi, kama maji yanayotandaa kwenye jaruba.

Kwa wanaougua mapema kama huyu, chembe zile huingia juujuu tu. Mishipa inabaki myembamba, bado ina misuli. Damu inayofika ni kidogo, na inaingia kwa kasi kama maji ya bomba lililobanwa kidole, ikichubua kondo lenyewe. Mtoto akiwa mdogo, damu hiyo inamtosha. Anapokua na kudai zaidi, haitoshi. Ndiyo maana kimo cha mimba kinaweza kukwama kwanza, presha ikafuata nyuma.

Kondo lenye njaa halinyamazi. Linamwaga kwenye damu ya mama protini fulani, ile inayojulikana zaidi ikiitwa sFlt-1, zinazonasa vichocheo vinavyoutunza utando wa ndani wa mishipa ya damu. Utando huo uko mwili mzima, na ukikosa matunzo unaanza kuvuja na kubana. Hapo unaelewa kwa nini ugonjwa mmoja unakuja na malalamiko yasiyofanana. Kwenye figo kichujio kinalegea na protini inapita kwenye mkojo. Kwenye miguu na uso maji yanatoka nje ya mishipa. Kwenye ini damu inakosa njia, ini linavimba ndani ya ganda lake, na mama anasema ana vidonda vya tumbo. Kwenye ubongo inakuja kichwa, nzi wa machoni, na mwisho degedege. Chembe sahani za damu, zile zinazosaidia kugandisha, zinatumika ovyo kwenye utando uliochubuka na kupungua. Presha inapanda kwa sababu mishipa imebana. Presha ni moja ya matokeo, wala si chanzo.

Wengi hukosea hapo, hata wa kazini. Ukimpa dawa ya presha namba ikashuka, unakuwa umemkinga asipasuke mshipa wa ubongo, na hilo ni kubwa. Lakini ugonjwa unaendelea kama ulivyokuwa. Na ukiishusha mno, kondo lililokuwa linaishi kwa kusukumiwa damu kwa nguvu linakosa hata ile kidogo, na mtoto anaweza kufia tumboni mama akiwa na presha nzuri ya kuonyesha watu.

Narudi kwenye usiku ule. Tulianza na magnesiamu salfeti, ambayo si sawa na zile tembe za kutafuna ingawa jina linafanana. Kazi yake ni kuzuia degedege. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002 ukiwa na wanawake zaidi ya 10,000 ulionyesha kwamba inapunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Chupa zetu ni za asilimia 50, mililita 10 zina gramu 5. Kwa dozi ya mshipa tulivuta mililita 8, ambazo ni gramu 4, tukaongeza mililita 12 za maji ya sindano, nikasukuma polepole huku naangalia saa ya ukutani. Asilimia 50 haiingii kwenye mshipa bila kuchanganywa, hata siku moja. Binti akasema, "Nesi, mwili unawaka moto." Nikamwambia ndivyo dawa inavyoingia, itapita. Usipomwambia mapema anaweza kuchomoa sindano. Kisha gramu 5 kila tako, pamoja na lignokaini kidogo kwenye bomba, kwa sababu sindano ile inauma kweli.

Dawa hii ikizidi hulegeza misuli mpaka ya kupumulia, kwa hiyo haipewi na kusahauliwa. Tuliweka mpira wa mkojo. Kabla ya kila dozi inayofuata, gramu 5 kila baada ya saa 4, mambo matatu lazima yawepo: goti linaruka, pumzi si chini ya 16 kwa dakika, na mkojo si chini ya mililita 100 kwa saa 4 zilizopita. Goti ndilo linalotangulia kuzima, na ndilo la bei rahisi kuliko vipimo vyote. Kalsiamu glukoneti gramu 1 ilikuwa imewekwa mezani tayari, ndiyo dawa ya kurudisha hali ikiharibika. Kwa presha alimeza nifedipini miligramu 10, akarudia baada ya nusu saa. Ilifika 148/98, tukaishia hapo. Dripu ilikwenda polepole, maana mishipa inayovuja ukiijaza maji, yanahamia kwenye mapafu.

Tulipiga 115, namba ya m-mama ya usafiri wa dharura. Gari lilisubiri ng'ambo ya korongo mpaka maji yapungue, likatufikia saa tano. Muda huo ndio unaonyesha kwa nini dozi ya kwanza haingojei hospitali kubwa. Kama tungemwandikia rufaa tu, saa hizo mbili angezikaa bila kinga yoyote. Niliondoka naye, amelala ubavu wa kushoto.

Hospitalini walipima damu saa saba na nusu usiku. Chembe sahani zilikuwa 92,000, wakati kawaida ni kuanzia 150,000, na vipimo vya ini vilikuwa juu. Ultrasaundi ilionyesha mtoto anayekadiriwa kilo moja na nusu na maji machache. Akachomwa deksamethasoni miligramu 6, ya kukomaza mapafu ya mtoto. Dozi kamili ni nne, kila baada ya saa 12, na faida nzuri inahitaji siku moja au mbili.

Ugonjwa huu unagombanisha wagonjwa wawili walio ndani ya mwili mmoja. Dawa pekee inayouondoa ni kutoa kondo, na kondo halitoki mtoto akabaki. Kwa mama, kila saa ya kungoja ni ini, figo na ubongo vinavyozidi kuumia. Kwa mtoto wa wiki 33, kila saa tumboni ni mapafu yanayokomaa, mradi kondo bado linamlisha. Mimba ikiwa imefika wiki 37 hakuna mjadala, anazalishwa. Ikiwa chini ya 34 na mama ametulia, madaktari hununua siku mbili za deksamethasoni, wakati mwingine zaidi, kwa kupima damu na moyo wa mtoto mara kwa mara.

Mume alikuwa amefika kwa basi la alfajiri. Aliuliza swali ambalo wengi hulimeza: "Daktari, ukimtoa leo, mtoto ataishi?" Daktari hakumzungusha. Alimwambia, "Kaka, wiki 33 wengi wanaishi, lakini atahitaji msaada wa joto na huenda wa kupumua. Nikingoja, naweza kuwakosa wote wawili." Kisha akamwonyesha karatasi ya damu ya saa moja na nusu asubuhi: chembe sahani 71,000. Zimeshuka 21,000 ndani ya saa 6. Siku mbili hazikuwepo tena.

Njia ya kuzaa haiamuliwi na presha peke yake. Mama mwenye ugonjwa huu anaweza kuanzishiwa uchungu akazaa kawaida, na mara nyingi hiyo ni bora. Kwa huyu mlango wa kizazi ulikuwa umefunga kabisa na mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yanashuka na kuchelewa kurudi. Wakaamua upasuaji. Chembe sahani zikishuka zaidi, sindano ya ganzi ya mgongoni inaogopwa, isije damu ikavujia pembeni ya uti wa mgongo. Ingebidi usingizi kamili, na hapo kuingiza mpira kwenye koo lililovimba kunaweza kurusha presha juu kwa ghafla. Mtaalamu wa usingizi alisema ni sasa, si mchana. Saa nne asubuhi akachomwa ya mgongo.

Mtoto alitoka wa kike, kilo 1.45, akalia baada ya kusaidiwa kidogo. Mkwe alipoambiwa jinsia alinitazama, akacheka mwenyewe.

Niliomba nilione kondo. Lilikuwa dogo, linaenea kwenye kiganja na vidole, na upande wa mama lilikuwa na mabaka magumu ya rangi ya jivu, yaliyokatika kama maini yaliyochemshwa. Hayo ni maeneo yaliyokosa damu yakafa, mengine ya siku nyingi. Ukingoni kulikuwa na donge la damu la ukubwa wa ndimu, jeusi, limekandamiza nyama. Kondo lilikuwa limeanza kubanduka. Likibanduka lote kabla ya mtoto kutoka, mtoto hufa ndani ya dakika chache na mama humwaga damu ambayo, kwa uhaba wa chembe zile, haigandi. Hilo donge ndilo lililokuwa linashusha mapigo ya mtoto.

Baada ya kuzaa hakupewa ergometrini, kwa sababu hurusha presha. Alipewa oksitosini. Magnesiamu iliendelea saa 24. Siku ya pili presha ilikuwa 138/86, chembe sahani zinapanda, na wodi imejaa. Akaandikiwa kwenda kulala kwa ndugu mjini, awe anakuja kumnyonyesha njiti wake. Nesi wa zamu ya jioni alikataa kumruhusu. Siku ya tatu asubuhi presha ilikuwa 164/108. Kondo likishatoka watu hudhani yameisha, kumbe maji yaliyokuwa nje ya mishipa yanarudi ndani, na presha mara nyingi hufika kilele kati ya siku ya 3 na ya 6. Degedege huweza kutokea wakati huo, nyumbani, mama amekaa anakunywa uji. Alianzishiwa nifedipini ya kukaa muda mrefu, akabaki wiki nzima.

Nilizungumza na mwenzetu aliyeandika vile vistari viwili. Vijiti vilikuwa vimeisha. Kwenye kopo la awali vilibaki vichache, lakini kifuniko kilikuwa kinaachwa wazi na unyevu ukaviharibu rangi, akavitupa. Hakuwa mzembe. Alifundishwa kuwa bila kijiti hakuna kipimo. Wakunga wa zamani walichemsha mkojo: unajaza theluthi mbili za mrija wa kioo, unachoma sehemu ya juu tu, ukitibuka kama ute wa yai unadondosha asidi asetiki hafifu. Ukungu huo ukiondoka ni chumvi, ukibaki ni protini. Mrija, mshumaa na matone machache, na pale wiki ya 32 huenda protini ingeonekana. Chumvi aliyoambiwa apunguze haikuwa na kosa lolote.

Wiki ya sita alirudi kituoni. Presha 122/78 bila dawa, mkojo bado alama moja ya protini, tukapanga aupime tena baada ya miezi mitatu tangu azae, kwani ikibaki baada ya hapo tunatafuta ugonjwa wa figo wenyewe. Nyuma ya kadi nimeandika kwa wino mwekundu: mimba ijayo aje mapema, aanze aspirini ndogo kuanzia wiki ya 12, kuanza kusipite ya 16, yaani wakati ile mifereji bado inachimbwa. Mtoto amebebwa kifuani kwa khanga, ngozi kwa ngozi, mkwe ndiye aliyekuwa zamu ya kumbeba siku hiyo. Tulimpima: kilo 2.6.